Amenipinga Mimi, au Amepinga Nilichosema?

Kuanzia mwishoni mwa 1902 hadi mapema 1903, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, ndugu wawili wenye duka la baiskeli walikuwa wakibishana kuhusu pangaboi. Wilbur na Orville Wright walikuwa tayari wamerusha nyiringa lisilo na injini na likawatii angani. Sasa walitaka kulitia injini na pangaboi za kulisukuma. Walidhani hesabu zake wangeziazima kwa wahandisi wa meli, maana meli zilikuwa zinasukumwa na rafadha kwa miaka mingi. Walipopekua vitabu wakagundua kwamba wahandisi hao walikuwa wanachonga kwa kukisia na kujaribu, bila nadharia ya kueleweka. Ikabidi waanze upya kwa kujiuliza pangaboi ni kitu gani hasa. Wakafikia wazo kwamba ni bawa linalozunguka huku likisonga mbele. Lakini bawa linasonga, hewa nayo inasonga, na ndege yenyewe inasonga. Mtu aanzie wapi kuhesabu?

Hapo ndipo walipogombana. Charlie Taylor, fundi aliyewachongea injini, alikumbuka uzeeni kwamba walikuwa wakipigiana kelele za kutisha, ingawa hakuamini kwamba walikasirikiana kweli. Orville mwenyewe aliandika miaka kumi baadaye kwamba mara nyingi, baada ya mabishano marefu, walijikuta wako mbali vilevile kama walipoanza, ila kila mmoja amehamia upande wa mwenzake. Desemba 17, 1903, chombo chao kiliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 36 hivi. Pangaboi zao, zilizochongwa kwa mkono, zimepimwa upya katika maabara za siku hizi na kuonekana kuwa na ufanisi wa zaidi ya asilimia 70.

Wengi husimulia kisa hiki ili kusifu mabishano. Mimi kinanishangaza kwa jambo jingine: watu hawa walizomeana mchana kutwa kazini, jioni wakarudi nyumba moja na kukaa meza moja na baba na dada yao, na kesho yake wakaendelea pale walipoishia. Je, ni ofisi ngapi, kamati ngapi za shule, bodi ngapi za ushirika ambamo watu wawili wanaweza kufanya hivyo kwa wiki moja tu bila mmoja wao kuanza kumpita mwenzake kimya kwenye korido?

Wataalamu wanaochunguza kazi za vikundi wametenga aina mbili za mgongano. Upo mgongano wa hoja, yaani watu wanatofautiana kuhusu kazi yenyewe: namba zinasema nini, mpango upi ufuatwe, hatari iko wapi. Na upo mgongano wa nafsi: watu hawapatani, hawaaminiani, kila mmoja anamwona mwenzake ana kasoro. Mtafiti Karen Jehn aliuweka utofauti huu wazi mwaka 1995, baada ya kuchunguza vikundi 105 vya wafanyakazi na mameneja katika kampuni kubwa ya kusafirisha mizigo. Mgongano wa nafsi uliwaondolea watu raha ya kazi na hamu ya kubaki na wenzao. Mgongano wa hoja ulitegemea aina ya kazi. Wale wanaofanya kazi ileile kila siku kwa utaratibu unaojulikana, ubishi uliwapotezea muda tu. Wale ambao kazi yao haina jibu la kitabuni, ubishi wa kiasi uliwasaidia kuona walichokuwa wamekiruka.

Likatoka wazo lililopendeza sana darasani na kwenye semina za viongozi: tubishane kuhusu hoja, tusigombane kama watu. Mwaka 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart walikusanya matokeo ya tafiti 30 na kuzipima pamoja. Walichokuta kilikatisha tamaa. Kwa wastani, mgongano wa hoja ulikwenda sambamba na kazi kuharibika, karibu sawa na ule wa nafsi. Sababu moja ilionekana wazi: aina hizi mbili hazitembei peke yake. Palipo na moja, mara nyingi na ya pili ipo. Mwaka 2012 tathmini kubwa zaidi ya tafiti 116 ilirekebisha picha hiyo: pale ambapo mgongano wa hoja haukuambatana na ule wa nafsi, kazi ilifanyika vizuri zaidi. Kwa hiyo jambo la kuliangalia kwa makini ni ule mlango kati ya hizo mbili. Hoja inavukaje na kuwa mtu?

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa mambo tunayoyajua. Ni bodi ya SACCOS ya watumishi wa wilaya. Meneja ameleta pendekezo: mwanachama aruhusiwe kukopa mara tatu ya akiba yake badala ya mara mbili, kwa sababu wanachama wanakimbilia mikopo ya kwenye simu. Mhasibu ananyoosha mkono. "Mwenyekiti, kwa heshima, mimi siliungi mkono. Akiba zetu zote ni milioni 300, na tayari milioni 240 ziko mikononi mwa wakopaji. Hela ya mara tatu hatuna."

Mpaka hapa hiyo ni hoja safi. Inahusu kitu kilichoandikwa kwenye daftari, na mtu yeyote anaweza kwenda kukihakiki. Lakini meneja anasikia zaidi ya namba. Kichwani mwake linapita swali ambalo hatalisema: kwa nini ameongea hivi mbele ya mwenyekiti? Na kwa kuwa halisemi, analijibu mwenyewe.

Jibu atakalojipa linatabirika. Mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa hili mwaka 1977, baada ya wenzake kulichunguza kwa miaka kadhaa: tunapoeleza matendo ya mtu mwingine, tunaipa tabia yake uzito mkubwa mno na hali aliyomo tunaipunja. Meneja anajua kwa nini yeye ameleta pendekezo hili. Simu yake haikai kimya, wanachama wanamlalamikia sokoni na msibani. Shinikizo hilo analiona kwa sababu liko juu ya mabega yake. La mhasibu halioni. Hajui kwamba mkaguzi alimketisha mhasibu nusu siku nzima akimhoji kwa nini mikopo ilichelewa kutoka. Kwa hiyo yeye mwenyewe anajiona ana sababu, na mwenzake anamwona ana tabia. Mhasibu naye, upande wa pili wa meza, anafanya hesabu hiyohiyo kinyumenyume: mimi nina sababu, meneja anatafuta sifa.

Ndipo meneja anasema sentensi inayovuka mlango. "Mwenyekiti, mhasibu wetu siku zote anaogopa maamuzi." Itazame sentensi hiyo. Milioni 240 hazimo tena. Aliyemo ni mhasibu. Na yale maneno "siku zote" yamegeuza kauli ya leo kuwa historia ya mtu. Mhasibu sasa hana nafasi ya kutetea namba. Inabidi ajitetee mwenyewe. Na mtu anayejitetea hukumbuka vingi. Anakumbuka kompyuta zilizonunuliwa mwaka jana bila kuitisha bei za wauzaji watatu, na anazitaja. Mwenyekiti anagonga meza. Wajumbe wengine, ambao dakika kumi zilizopita walikuwa wanasikiliza ili waelewe, sasa wanasikiliza ili wajue wakae upande gani.

Kinachouma ni kwamba jibu la ubishi ule lilikuwa linapatikana kwa nusu saa ya kazi. Ikiwa mikopo ya milioni 240 inarejeshwa kwa miezi 24, mtaji unaorudi kila mwezi ni kama milioni 10. Ongeza akiba mpya, tuseme milioni 4. Zinaingia 14. Maombi ya mikopo ya sasa, tuseme, ni milioni 13 kwa mwezi, basi chama kinapumua. Kiwango kikipanda kutoka mara mbili hadi mara tatu, na kila mwombaji akaongeza nusu ya alichokuwa anaomba, maombi yatafika milioni 19 na ushei. Pengo ni zaidi ya milioni 5 kila mwezi, na foleni itaanza kurefuka mwezi wa kwanza. Kwa mara mbili na nusu, maombi yatakuwa kama milioni 16, na pengo la milioni 2 linaweza kuzibwa kwa kuhamasisha akiba. Meneja alikuwa sahihi kwamba wanachama wanaondoka. Mhasibu alikuwa sahihi kwamba fedha hazitoshi. Hakuna aliyeuliza kwa mwezi kinaingia kiasi gani, kwa sababu kufikia hapo swali lilikuwa nani kati yetu ni mtu wa namna gani.

Mkutano ukiisha, mambo hayaishi. Mwezi unaofuata mhasibu akitahadharisha kuhusu jambo jingine kabisa, tahadhari yake itasikika kama vita ileile inaendelea. Hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya mlango huo: ukishavukwa, hoja za mtu hazisikiki tena kama hoja.

Kuna mambo mawili yanayoufanya mlango uwe mwepesi kufunguka. La kwanza ni pale hoja inapogusa kile ambacho mtu anajivunia kukijua, au anachokiona kuwa ndiyo asili yake. Wasomaji wa mashairi ya Kiswahili watakumbuka mjadala uliopamba moto miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, kitabu chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Kwa juu lilikuwa swali la kitaalamu: je, vina na mizani ni roho ya shairi au ni vazi lake? Lakini kwa mshairi aliyerithi kanuni hizo kwa wazazi na walimu wake, kuambiwa kwamba si lazima kulisikika kama kuambiwa kwamba yeye na waliomlea si lazima. Na kwa kijana wa chuo kikuu, kuambiwa "hilo si shairi" kulisikika kama kuambiwa "wewe si mshairi". Mwalimu ambaye mtaala wake unapingwa, au fundi ambaye ramani yake inasahihishwa, naye yuko hapo hapo.

La pili ni namna ya kusema. Mwaka 2015 Weingart, Jehn na wenzao walipendekeza tuupime usemi wa mgongano kwa vipimo viwili: unasemwa waziwazi kiasi gani, na una ukali kiasi gani. Usemi unaosaidia zaidi ni ulio wazi lakini hauna ukali: "Siungi mkono, na sababu yangu ni hii." Tunapozungumza mambo haya kwetu, naona tunakosea kwa kudhani hatari ni uwazi. Tunafundishwa kwamba mkubwa hapingwi hadharani, na kuna hekima nyingi ndani ya heshima hiyo. Ila upinzani ukikosa njia ya wazi hauondoki. Hutoka kwa mafumbo. Mtu anasimama mkutanoni na kusema, "Wapo humu ndani ambao mradi huu wanaujua kwa sababu zao," kisha anakaa. Fumbo hilo halina uwazi wowote, na ukali wake ni wa kuchoma. Aliyekusudiwa hawezi kulijibu, maana akijibu amejitaja. Wasiokusudiwa nao wanaanza kujiuliza. Na kwa kuwa halina hoja ndani yake, kitu pekee kinachobaki cha kufikiria ni nia ya aliyelisema. Katika vikao vyetu mafumbo huvusha hoja haraka kuliko kelele. Wale ndugu wa Dayton walipiga kelele, lakini kila mmoja alijua kelele hizo zilikuwa kuhusu nini.

Tony Simons na Randall Peterson walitaka kujua kwa nini vikundi vingine vinabishana sana na havigombani. Mwaka 2000 walitoa utafiti kuhusu timu 70 za viongozi wa juu wa kampuni za hoteli. Walichokiona ni kwamba katika timu ambazo watu waliaminiana, ubishi kuhusu kazi haukuenda sana na ugomvi wa nafsi. Katika timu ambazo imani ilikuwa chini, hizo mbili zilifungamana. Maelezo yao yanarudi kwenye lile swali la kimya la meneja. Mtu huliuliza popote pale, kuaminiana kuwepo au kusiwepo. Tofauti ni jibu analokuwa nalo tayari. Ukimwamini mwenzako, jibu la haraka ni "ameona kitu ambacho sijakiona." Usipomwamini, jibu la haraka ni "ana lake jambo." Maneno ni yaleyale.

Imani hiyo isichanganywe na upendo au urafiki wa kunywa chai pamoja. Ni kutarajia kwamba huyu anaitakia kazi yetu mema na anajua anachokifanya. Na hujengwa kabla, kwa mambo madogo: mtu alikiri namba yake ilikuwa na kosa, na hakuchekwa, mtu alipinga wazo, likapita, na akalifanyia kazi kama lake. Timu mpya haina akiba hiyo. Ndiyo maana wiki zake za kwanza zina hatari yake, hasa katika jambo ambalo Jehn baadaye alilitaja kama aina ya tatu: mgongano wa taratibu, yaani nani afanye nini na nani awajibike kwa nani. Unaonekana ni wa kawaida tu, lakini kumpa mtu kazi ni kumwambia unampa hadhi gani. Utafiti wa Lindred Greer, Jehn na Elizabeth Mannix wa mwaka 2008, waliozifuata timu kwa muda, ulikuta kwamba migongano ya taratibu ya mwanzoni ndiyo iliyozaa migongano mingine na kuifanya idumu. Kikundi kinachoacha mgawanyo wa kazi ujipange wenyewe kwa sababu "sote ni ndugu" kinajikopea ugomvi wa baadaye.

Dalili za kuvuka mlango zinaonekana mapema kwa anayezitafuta. Sikiliza kiini cha sentensi: je, bado ni mpango, fedha, tarehe, au kimekuwa "wewe", "yeye", "watu wa idara ile"? Sikiliza "siku zote" na "kamwe". Angalia kama mambo ya zamani yasiyohusiana yameanza kuletwa mezani. Angalia mazungumzo ya kweli yanafanyika wapi. Yakihamia kwenye kundi la WhatsApp lisilo na mmoja wa wajumbe, hoja imeshakwisha zamani. Na kipo kipimo ambacho mtu anaweza kujifanyia peke yake, kigumu lakini cha haki: pendekezo hili lingeletwa na mtu ninayempenda, ningelipinga kwa nguvu hizihizi?

Ukiziona dalili hizo mapema, kuna jambo dogo linalosaidia kuliko mawaidha ya "tuheshimiane". Kathleen Eisenhardt na wenzake, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu timu za viongozi katika kampuni 12 za teknolojia, waliona kwamba timu zilizobishana bila kugombana zilikuwa na takwimu nyingi zaidi mezani, si chache, na zilijadili chaguo kadhaa kwa wakati mmoja badala ya mawili. Nadhani hoja ya chaguo kadhaa ina nguvu kuliko inavyoonekana. Chaguo likiwa mawili na kila moja lina mwenyewe, kubadili mawazo ni kushindwa na mtu. Yakiwa matatu au manne, mtu anaweza kusogea bila kuangukia miguuni pa mpinzani wake. Mara mbili na nusu, au mara tatu kwa wanachama waliotimiza miaka miwili tu, haya hayana baba. Meneja na mhasibu wote wangeweza kuyashika bila aibu. Mwenyekiti mwerevu angeyaweka mezani kabla hajauliza nani anaunga mkono nini.

Lakini palipokwishaharibika, dawa hiyo haifanyi kazi, na hapa ndipo viongozi wengi wenye nia njema wanapotonesha kidonda. Wanaitisha kikao cha "kusemana ukweli", kila mtu atoe lililo moyoni. Mwaka 2001 De Dreu na Annelies Van Vianen walichunguza timu zilizokuwa na mgongano wa nafsi na namna zilivyoushughulikia. Timu zilizouchambua kwa pamoja, hata kwa roho ya ushirikiano, ziliharibikiwa zaidi na kazi kuliko zile zilizouacha pembeni zikaendelea na majukumu. Inaeleweka. Ubishi wa milioni 240 una mwisho wake kwenye daftari. Ubishi kwamba wewe ni mwoga na mimi ni mpenda sifa hauna daftari la kuuamulia, na kila ushahidi unaoletwa unakuwa tusi jipya. Mambo ya namna hiyo wazee wetu waliyapeleka nje ya baraza, kwa mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, akaenda huku na akaenda kule, na kikao kikaendelea na ajenda yake.